Matofali yako ukutani kwake, deni liko kwa mwingine

Mama mmoja anayechoma matofali pembeni ya Lubumbashi aliuza matofali 16,000 kwa antreprenere aliyekuwa akijenga nyumba Ruashi. Bei ilikuwa dola 75 kwa kila elfu moja, jumla dola 1,200. Matofali yalifika kwa safari nne za kamioni, 4,000 kila safari, na yote yakajengwa. Alipokea dola 400. Kabla ya paa kukamilika, antreprenere akaacha shantie akaenda Kolwezi kutafuta kazi ya migodi, na simu yake ikawa haipokelewi. Mama akabaki anadai dola 800.

Nyumba yenyewe haikwenda Kolwezi. Mwenye lupango alitafuta fundi mwingine, akamaliza paa, akahamia na familia yake. Mama akipita barabara ile anaona matofali ya tanuru lake, na anayajua, kwa sababu udongo anaoutumia ni wa kichuguu na rangi yake ikishaiva ina wekundu wake. Akaja na swali ambalo kila avoka wa mji huu amewahi kuulizwa kwa namna moja au nyingine: “Metre, matofali yangu iko mu bibambazi ya nyumba yake, na anajua sikulipwa. Kwa nini asinilipe yeye?”

Nitakipitia kisa hiki hatua kwa hatua, bila majina. Jibu fupi ni kwamba mwenye nyumba hana deni kwake. Kilichonichukua muda ni kuhakikisha kwamba jibu hilo ni kweli katika kisa hiki hasa, maana mara nyingi mtu anayeitwa mgeni wa mkataba, ukifungua karatasi vizuri, unakuta si mgeni.

Kanuni yenyewe iko katika dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa sheria ya mikataba nchini Kongo. Kifungu cha 33 kinasema kwamba makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa wale walioyafanya. Watu husoma kifungu hicho na kushika neno “sheria”, kisha wanasahau maneno yanayofuata: kwa wale walioyafanya. Kifungu cha 63 kinakamilisha upande wa pili. Makubaliano yana nguvu kati ya waliopatana tu, hayawadhuru watu wa nje, wala hayawanufaishi, isipokuwa katika hali moja inayotajwa na kifungu cha 21. Hali hiyo nitaifikia, kwa sababu nilijaribu kuitumia.

Katika kisa chetu kuna mikataba miwili. Wa kwanza ni kati ya mwenye nyumba na antreprenere: kujenga nyumba, vifaa na kazi vyote ndani, kwa dola 9,500. Wa pili ni kati ya antreprenere na Mama: kuuza matofali. Mwenye nyumba hayumo katika mkataba wa pili, na Mama hayumo katika wa kwanza. Antreprenere peke yake ndiye aliye katika yote miwili, na yeye ndiye aliyeondoka.

Basi swali la kwanza halikuwa nani amefaidika na matofali. Lilikuwa nani alimwahidi Mama kwamba atamlipa. Nikamwomba alete kila kitu.

Alileta daftari la shule, boni nne za kupokea mali, na simu yake. Katika daftari kila safari ilikuwa na tarehe, idadi, na maneno “shantie ya Papa wa Ruashi”. Kwake yeye huo ulikuwa ushahidi kwamba alimuuzia Papa wa Ruashi. Kwa bahati mbaya, maneno hayo yanaeleza kamioni ilikwenda wapi, hayaelezi nani alinunua. Mtu akiagiza meza ipelekwe kwa mama mkwe wake, mama mkwe hageuki kuwa mnunuzi.

Boni tatu zilitiwa saini na msaidizi wa antreprenere. Ya nne ilitiwa saini na sentineli wa lupango, kwa sababu kamioni ilifika jioni wakati mafundi wameshaondoka. Hapo nilisimama kidogo, maana sentineli analipwa na mwenye nyumba. Kama alikuwa na ruhusa ya kununua kwa niaba ya bosi wake, mwenye nyumba angekuwa mnunuzi wa safari ile, si mtu wa nje tena. Mtu anayenunua kwa jina la mwingine, na kwa ruhusa yake, anamfunga yule mwingine. Ndiyo maana lazima uliulize jambo hili kabla ya kutamka neno lolote kuhusu wageni wa mkataba. Lakini sentineli alifanya nini? Alihesabu matofali na kuandika kwamba yamefika. Bei hakuijua wala hakuahidi kulipa. Kupokea mali mlangoni si kuinunua, na hakuna muuzaji makini anayeamini kwamba mlinzi wa usiku ana madaraka ya kumfunga bosi wake kwa dola 300.

Tukaingia kwenye simu. Kulikuwa na vitu viwili, na vyote viwili vilinipa matumaini kwa muda.

Kwanza, katika dola 400 alizopokea, 250 zilitoka kwenye simu ya antreprenere na 150 zilitoka moja kwa moja kwenye simu ya mwenye nyumba. Mama alilishika jambo hili kwa mikono miwili: amenilipa mara moja, basi anajua kwamba ni deni lake. Sheria haioni hivyo. Mtu yeyote anaweza kulipa deni la mwingine, ndugu kwa ndugu, jirani kwa jirani, na kwa kulipa sehemu haahidi kulipa iliyobaki. Nilimuuliza mwenye nyumba baadaye kuhusu dola hizo. Alijibu bila kusita kwamba antreprenere ndiye aliyemwomba azitume huko, naye akazikata kwenye malipo ya mwezi ule. Alionyesha karatasi: dola 150 zimeandikwa kama sehemu ya dola 8,300 alizokwisha kumlipa antreprenere. Kwa hiyo alikuwa akimlipa antreprenere kwa njia ya mkato, na malipo hayo hayakumfanya mnunuzi.

Pili, ujumbe wa sauti. Kabla ya safari ya nne Mama alisita, kwa kuwa fedha zilikuwa zimechelewa. Mwenye nyumba akamtumia maneno haya: “Mama, tuma tu ile kamioni, miye niko pale, usiogope.” Nilisikiliza mara kadhaa. Hiki ndicho kilikuwa kitovu cha kesi, na mawakili wawili wanaweza kubishana juu yake mchana kutwa. Je, ni ahadi ya mwenye nyumba mwenyewe? Kama ni ahadi, basi kuna mkataba mpya, mdogo, kati yake na Mama, na kanuni ya kifungu cha 63 haimhusu tena: atakuwa ndani.

Maoni yangu, na nilimwambia Mama hivyohivyo, ni kwamba maneno “miye niko pale” hayatoshi. Yanaweza kuwa na maana ya “nitahakikisha wanapokea”, au “nitamsukuma antreprenere akulipe”, au “nitakulipa”. Kiasi hakitajwi. Tena, kama tunayasoma kama udhamini wa deni la antreprenere, tunakutana na ukuta mwingine: udhamini haudhaniwi. Chini ya sheria ya OHADA kuhusu dhamana, yaani ya umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, ambayo inatumika Kongo tangu nchi ilipojiunga mwaka 2012, mdhamini lazima akubali waziwazi, kwa maandishi, na aandike kwa mkono wake mwenyewe kiasi cha juu anachodhamini. Ujumbe wa sauti wa maneno machache hauna hata kimoja kati ya hivyo. Kama angesema “tuma, dola 300 za kamioni hii nitakulipa miye”, ningeandika barua ya aina nyingine kabisa. Ushahidi wa simu si tatizo siku hizi, kwa kuwa Sheria ya Dijitali ya Machi 2023 imeyapa maandishi ya kielektroniki nafasi yake mahakamani. Tatizo lilikuwa maneno yenyewe.

Basi mwenye nyumba alikuwa kweli mtu wa nje. Hapo Mama akauliza swali la haki, na ni swali zuri kuliko mengi ninayoyasikia ofisini: sheria gani hii inayomwacha mtu akae ndani ya mali yangu bila kunilipa?

Nilimjibu kwa kuugeuza upande. Tuseme bei ya kuni ingepanda katikati ya kazi, naye akaamua kutopeleka safari ya tatu na ya nne. Mwenye nyumba angeweza kuja kwake na kumwambia, “Wewe Mama, umeahidi matofali 16,000 kwa dola 75, lete yaliyobaki kwa bei hiyo”? Alicheka. Angemwambia, “Papa, mimi nilisema na antreprenere, wewe sikujui.” Na angekuwa sahihi kisheria. Kanuni inayomzuia kumshtaki mwenye nyumba ndiyo ileile inayomkinga asishtakiwe na mwenye nyumba. Huwezi kuchukua nusu yake.

Kuna sababu nyingine inayohusu fedha, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito zaidi. Mwenye nyumba alipatana na mtu mmoja kwa bei moja. Dola 9,500 zilikuwa na matofali ndani yake, na saruji, mabati, misumari, mishahara ya mafundi. Hakujua Mama amepatana bei gani, hakuwa na nafasi ya kuikataa, na hakuweza kujua kama antreprenere analipa. Kama kila muuzaji angeweza kumdai kwa sababu tu mali yake imeingia ukutani, angelipa matofali mara mbili: mara moja ndani ya dola 9,500, mara ya pili kwa Mama. Siku tuliyozungumza, muuza saruji wa soko la Kenya, hapa Lubumbashi, naye alikuwa anadai dola 500 kwa antreprenere huyohuyo. Ukimfungulia mlango mmoja, wote wanaingia.

Vipi kuhusu kujitajirisha bila sababu? Mawakili vijana hukimbilia hapo haraka. Ni kweli kwamba matofali yalipojengwa yaligeuka kuwa sehemu ya nyumba, na Mama hawezi kuyadai yarudi. Hata kabla ya hapo, katika mauzo ya kawaida, mnunuzi akishapokea mali umiliki umeshahamia kwake, hata kama bei haijalipwa. Lakini mwenye nyumba hakutajirika bila sababu. Sababu ipo: mkataba wake na antreprenere, na dola 8,300 alizolipa. Dai la aina hiyo limewekwa kwa ajili ya mtu asiye na njia nyingine, na Mama njia anayo, hata kama njia hiyo iko Kolwezi na haipokei simu.

Sasa ile hali ya kifungu cha 21. Sheria inaruhusu watu wawili wapatane kwamba mmoja atamfanyia jambo mtu wa tatu, na mtu huyo wa tatu, akikubali, anaweza kudai mwenyewe. Bima ya maisha ndiyo mfano unaojulikana: baba anapatana na kampuni, mtoto ndiye anayelipwa, na mtoto anaweza kuidai kampuni ingawa hakutia saini popote. Kabla mtu wa tatu hajasema kwamba anakubali, aliyeweka sharti anaweza kulifuta. Baada ya hapo hawezi tena.

Nilipata nakala ya mkataba wa ujenzi, na ndani yake kulikuwa na mstari huu: antreprenere atawalipa wauzaji wote wa vifaa. Mama aliusoma akasimama. “Si ni miye huyo, wauzaji wote?” Ni yeye. Lakini angalia ni nani aliyeahidi. Mwenye nyumba hakuahidi chochote katika mstari ule. Antreprenere ndiye aliyemwahidi mwenye nyumba, na mstari uliwekwa ili wauzaji wasije wakamsumbua mwenye nyumba. Hata tukiusoma kwa ukarimu wote, kwamba uliwekwa kwa faida ya Mama, unampa haki ya kumdai nani? Antreprenere. Ambaye tayari alikuwa anamdai. Makosa haya nayaona mara nyingi: mtu anakuta jina lake au kundi lake limetajwa katika mkataba wa wengine na kudhani ameshapata haki. Kutajwa peke yake hakumpi mtu haki. Lazima mmoja wa waliopatana awe amejifunga kufanya kitu kwa ajili yake, na yule anayetaka kumshtaki awe ndiye aliyejifunga.

Wenzetu wa upande wa sheria ya Kiingereza waliibana kanuni hii zaidi yetu, na kisa chao kinafaa kutajwa kwa sababu kinaonyesha tofauti. Mwaka 1861 korti ya Uingereza iliamua kesi ya Tweddle dhidi ya Atkinson. Baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi walikuwa wameandikiana kwamba kila mmoja atampa bwana harusi fedha, baba mkwe paundi 200 na baba mzazi paundi 100, na wakaandika wazi kwamba kijana mwenyewe atakuwa na haki ya kuzidai kortini. Baba mkwe akafa bila kulipa. Kijana akamshtaki msimamizi wa mirathi akashindwa: hakuwa mmoja wa waliopatana, na mwenyewe hakutoa kitu chochote kwa kubadilishana na ahadi ile. Yaani hata maandishi yaliyosema waziwazi kwamba anaweza kudai hayakumsaidia. Kwa kifungu chetu cha 21, kijana yule angekuwa na kesi nzuri. Waingereza wenyewe walilegeza kamba mwaka 1999 kwa sheria iliyompa mtu wa nje haki ya kudai pale mkataba unaposema hivyo, au unapokusudia kumnufaisha. Nawaambia wateja wangu wanaonunua mali Zambia, ng’ambo ya Kasumbalesa, wakumbuke kwamba nchi ile ilirithi sheria ya mikataba kutoka kwa Waingereza, na wasidhani kwamba kifungu cha 21 kinavuka mpaka pamoja nao.

Kuna jambo moja ambalo sikulipenda kumweleza Mama, kwa kuwa halionekani la haki. Kama matofali yangekuwa mabovu, yakaanza kumomonyoka baada ya mvua ya kwanza, mwenye nyumba angeweza kujaribu kumfuata yeye. Nchini Ufaransa, Korti ya Kasasiyo iliamua tarehe 7 Februari 1986, majaji wa vyumba vyote wakiwa wamekaa pamoja, kwamba mwenye jengo anaweza kumshtaki moja kwa moja mtengenezaji wa vifaa vilivyojengwa, kwa kuwa dhamana ya ubora hufuata kitu chenyewe kinapohama mkononi. Hukumu za Ufaransa haziwafungi majaji wetu, ila zinasomwa mbele yao kila wiki. Matokeo yake ni kwamba lawama za matofali zinaweza kuruka juu ya antreprenere zikamfikia muuzaji, lakini bei haiwezi kuruka ikamfikia mwenye nyumba. Ukifikiri kwa utulivu utaona mantiki: ubora umo ndani ya tofali na unakwenda nalo, ahadi ya kulipa imo ndani ya mtu na inabaki naye. Bado Mama hakuipenda, na simlaumu.

Ikabaki njia moja ya kweli: kupitia kwa antreprenere. Mwenye nyumba hakuwa na deni kwa Mama, lakini je, alikuwa na deni kwa antreprenere? Mkataba ulikuwa wa 9,500 na alikuwa ameshalipa 8,300. Dola 1,200 zilikuwa zimebaki, zilipwe paa likikamilika. Kiasi hicho kilizidi deni la Mama.

Kifungu cha 64 cha dekreti ileile kinamruhusu mdai kutumia haki za mdaiwa wake pale mdaiwa amelala. Mama angeweza kusimama katika nafasi ya antreprenere na kumdai mwenye nyumba kile ambacho antreprenere angeweza kudai. Ona kwamba hapa kanuni haijavunjwa: hamdai mwenye nyumba kwa mkataba wa matofali, anamdai kwa mkataba wa nyumba, kwa haki ya mtu mwingine. Na kwa kuwa haki ni ya mwingine, fedha zikipatikana zinaingia katika mali ya antreprenere, na muuza saruji anaweza kuja kunyoosha mkono. Kwa hiyo nilipendelea njia ya OHADA: kuomba ruhusa ya rais wa korti kuzizuia fedha zile mikononi mwa mwenye nyumba wakati tunatafuta hukumu dhidi ya antreprenere. Ili ruhusa itolewe, uonyeshe kwamba deni lina msingi na kwamba kuna hatari ya kutolipwa. Mdaiwa aliyehama mji na kuzima simu ni hatari tosha.

Isie wa korti akapeleka hati ya kuzuia fedha Ruashi. Mtu anayepelekewa hati hiyo analazimika kutangaza anadaiwa nini na yule mdaiwa, na akidanganya anaweza kuhukumiwa alipe mwenyewe. Huo ndio wakati pekee katika kisa chote ambapo mwenye nyumba alikuwa na wajibu wowote unaomhusu Mama, na unatokana na amri ya korti, si na mkataba.

Mwenye nyumba akatangaza. Alileta fakture ya fundi wa pili aliyemaliza paa: dola 900. Antreprenere aliacha kazi bila kuimaliza, kwa hiyo gharama hiyo ni yake, na inakatwa kwenye zile 1,200 kwa kuwa madeni yote mawili yanatoka katika mkataba uleule. Zikabaki dola 300. Tulibisha kidogo kuhusu fakture, tukaangalia bei za mabati na mbao, tukaona ni ya kweli. Anayesimama katika nafasi ya mwingine anabeba na makosa ya yule mwingine. Mama alikuwa amepeleka matofali yote 16,000 bila upungufu, lakini alipoupitia mkataba wa nyumba alikuta paa ambalo halikuezekwa.

Kolwezi, kwa utaratibu wa amri ya kulipa, deni la dola 800 lilithibitishwa haraka, kwa sababu boni zilikuwa safi na antreprenere hakupinga. Kwa amri hiyo, zile dola 300 zilizozuiwa zikawa za Mama, zikapungua kwa gharama za isie. Dola 500 zimebaki katika karatasi yenye muhuri, dhidi ya mtu ambaye siku moja huenda akaonekana na gari.

Mama hakuacha kuuza kwa mkopo, maana katika biashara ya matofali ukidai fedha taslimu wateja wanakwenda tanuru la jirani. Alichobadilisha ni karatasi moja. Kwanza alitaka tuandike katika mikataba ya ujenzi kwamba mwenye nyumba atamlipa muuza matofali moja kwa moja. Nilimshauri asitegemee hilo peke yake. Sharti kama hilo lingempa haki kwa kifungu cha 21, ni kweli, lakini mwenye nyumba angeweza kumjibu kwa kila kasoro ya mkataba ule: paa halikuisha, ukuta umepinda, antreprenere amechelewa. Angerudi palepale kwenye dola 300. Ni afadhali mwenye nyumba ajifunge kwake mwenyewe, kwa mkataba wao wawili. Tuliandika hivi, naye anakaa na nakala kwenye pochi:

“Mimi, mwenye lupango, najifunga kumlipa muuzaji huyu dola … kwa matofali … yatakayofika kwenye lupango langu, ndani ya siku 15 tangu kila boni itiwe saini, hata kama kuna ugomvi wowote kati yangu na antreprenere. Kiasi nitakacholipa nitakikata kwenye fedha za antreprenere, naye amekubali.” Kisha saini tatu: mwenye lupango, muuzaji, antreprenere.

Saini ya antreprenere imo ili mwenye nyumba asilipe mara mbili. Maneno “hata kama kuna ugomvi” ndiyo ambayo wenye nyumba husoma mara mbili, na ndiyo wanayotaka kuyafuta. Mteja mmoja wa Katuba aliyafuta kwa kalamu akarudisha karatasi. Mama akamwambia sawa, Papa, basi kamioni ya kwanza tutaipakia ukishalipa.